Kutoka "huwa ananisumbua" hadi "Jumatano ile": fomu ya malalamiko ya unyanyasaji kazini

*Kamwene mama. Mimi ni afisa ustawi kwenye shamba la chai huku Mufindi. Tuna fomu ya malalamiko ya unyanyasaji, lakini akina dada wakiijaza tunapata mstari mmoja tu: "Karani ananisumbua." Hakuna tarehe wala jambo lenyewe. Kamati inakaa, inakosa pa kuanzia, na mtuhumiwa anaendelea na kazi kama kawaida. Nikiwaita kuwauliza wanaona aibu. Niibadilishe vipi ili waandike kilichotokea, siku gani na kwa namna gani?*

Kamwene mwanangu.

Litazame hilo neno "ananisumbua". Dada aliyeliandika hakuwa mvivu na wala hakuficha kitu. Fomu ilimuuliza "Eleza malalamiko yako", naye akaeleza. Jambo lililompata mara kumi au kumi na tano limekwisha kuwa donge moja kichwani mwake, na Kiswahili kinampa njia nyepesi ya kulitoa hilo donge: ananisumbua, huwa ananishika, kila siku ananitukana. Maneno hayo ni ya kweli. Tabu yake ni kwamba kamati haiwezi kuchunguza "huwa". Haiwezi kuuliza siku ile nani alikuwa zamu, wala karani hawezi kujibu kitu zaidi ya "si kweli". Kwa hiyo kazi ya fomu yako ni moja: kulifungua donge na kutoa matukio moja moja, bila kumlazimisha mtu kubuni asichokikumbuka.

Anza na nafasi. Fomu nyingi nilizoletewa zina mistari mitatu ya kueleza tukio na nusu ukurasa wa jina, namba ya mfanyakazi, idara na "aina ya unyanyasaji" yenye visanduku vya kutiki. Mtu huandika kulingana na nafasi aliyopewa: ukimpa mistari mitatu, atakupa mstari mmoja na nusu. Mpe ukurasa mzima wenye mistari mipana, na sentensi moja tu juu yake: "Tueleze kilichotokea kwa maneno yako, tangu mwanzo. Usijali mpangilio." Ukurasa huu wa kwanza usiwe na swali jingine. Akishamimina yaliyo moyoni ndipo kumbukumbu huanza kutoa vipande vidogo vidogo, na maswali ya kurasa zinazofuata yatapata pa kushika. Visanduku vya "aina ya unyanyasaji" viondoe kabisa. Kuamua kama jambo ni la kingono, ni tusi au ni matumizi mabaya ya cheo ni kazi ya kamati. Mchuma chai akitiki kisanduku kisicho sahihi, utetezi utaanzia hapo hapo.

Baada ya ukurasa huo weka karatasi za matukio. Karatasi moja, tukio moja. Chapisha tatu ndani ya kila fomu na uandike kwamba akihitaji nyingine ataongezewa. La kwanza usimuulize "lilianza lini". Muulize hivi: "Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Mara ya mwisho iko karibu, bado ina sura, sauti na mahali. Ya pili iwe: "Je, unaikumbuka mara ya kwanza?" Ya tatu: "Kuna mara nyingine ambayo huwezi kuisahau?" Matukio ya mwanzo, ya mwisho na yale mazito ndiyo yanayobaki na umbo lake, yaliyo katikati huchanganyikana. Ukipata matatu yaliyo wazi, kamati ina kazi ya wiki nzima.

Sasa tarehe, na hapa niwie radhi nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kumwumiza mtu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitunga fomu yenye mstari huu: "Tarehe ya tukio: ____/____/____ (lazima ijazwe)." Nilidhani naleta umakini. Mama mmoja akaleta malalamiko, na kwa kuwa ilikuwa lazima, akaandika tarehe aliyoona inakaribia. Tulipofungua daftari la zamu tukakuta siku hiyo ni Jumapili na msimamizi anayemlalamikia alikuwa likizo, kwao. Mtetezi wake hakuwa na haja ya kusema neno jingine. Yule mama hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemlazimisha kuwa na hakika ambayo hakuwa nayo, kisha hakika hiyo ikatumika kumwita mwongo. Tangu hapo sijaweka tena neno "lazima" karibu na tarehe.

Mahali pa mstari huo mmoja, weka ngazi ya kushukia. Ngazi ya kwanza: "Kama unaijua tarehe, iandike. Umeijuaje?" Hilo la pili ndilo lenye thamani, kwa sababu anayejibu "niliandika kwenye simu" na anayejibu "nakadiria" hawako sawa, na kamati inatakiwa ijue. Ngazi ya pili: "Kama huijui, ilikuwa siku gani ya wiki?" Ya tatu: "Ilikuwa kabla au baada ya kitu gani unachokikumbuka?" Hapo mpe mifano ya kwenu: siku ya mshahara, siku ya gulio, siku ya msiba kambini, siku ya Pasaka, siku mvua ilipokatisha uchumaji, siku mlipohamia bloku nyingine. Ya nne: "Kama bado huna hakika, andika kati ya lini na lini." Tarehe ya "kati ya tarehe 3 na 10" iliyosemwa kwa uaminifu ina nguvu kuliko tarehe 6 iliyobuniwa.

Kiswahili chenyewe nacho kina mitego mitatu kwenye muda, na sijaona fomu iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine ikiikumbuka. "Juzi" ni siku mbili nyuma, lakini watu wengi wakisema juzi wanamaanisha hivi karibuni tu. Saa 2 asubuhi ya mchumaji ni 08:00 kwenye daftari la geti na kwenye simu. Anayejaza akiandika "saa 2" na mlinzi akiwa ameandika 08:00, mtapoteza siku nzima mkidhani maelezo yanapingana. Weka kwenye fomu: "Saa ngapi kwa saa za Kiswahili? Zungushia: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku." Mtego mbaya zaidi ni usiku. "Usiku wa Jumatano" kwa mmoja ni usiku baada ya kazi ya Jumatano, kwa mwingine ni ule wa kuamkia Jumatano. Kwa matukio ya kambini au ya zamu ya usiku kiwandani, uliza: "Ulikuwa usiku wa kuamkia siku gani?" Swali hilo halina majibu mawili.

Kisha jambo lenyewe. Wenzetu wana maneno mengi ya staha: alinishika vibaya, alinitaka, aliniambia maneno mabaya, alinifanyia mambo yasiyofaa. Staha hiyo ni haki yao, usiidharau, lakini haimsaidii msomaji kujua kilichotokea. Fomu inaweza kumpa ruhusa. Iandike waziwazi: "Andika maneno aliyoyatamka kama alivyoyatamka, hata kama ni ya aibu. Aibu ya maneno hayo si yako. Kama alisema kwa Kihehe, andika kwa Kihehe." Tafsiri ataiweka mjumbe wa kamati pembeni, na maneno ya asili yabaki. Kwa kuguswa, swali ni "Alikugusa sehemu gani ya mwili, kwa kutumia nini, na kwa muda gani hivi?" Usiandike "Je, alikushika kifua?" Swali la namna hiyo linampa mtu jibu, na baadaye mtetezi atasema fomu ndiyo iliyomfundisha.

Usichukulie maneno halisi kuwa mapambo. Karani akisema "wewe mrembo sana" na akisema "ukinikubali kilo zako zitakaa sawa", hayo ni mambo mawili. La kwanza linaweza kuangukia kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachouhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama jinsia kuwa ni ubaguzi. La pili ni mtu mwenye madaraka anayemwekea mfanyakazi sharti la ngono ili apate haki yake, na hilo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaligusa moja kwa moja. Ni suala la TAKUKURU. Dada akiandika "alinitaka" tu, hutajua uko upande gani.

Jingine la lugha yetu: kiambishi "a-" hakisemi ni nani. "Alikuja, akamwambia aondoke, akanishika." Nani alikuja, nani aliambiwa aondoke? Weka maelekezo mafupi: "Kila unapomtaja mtu, andika jina lake au kazi yake." Na akiandika "nilishikwa", "niliambiwa", "nilisukumwa", anayesaidia kujaza aulize tu: "Na nani?"

Karatasi ya tukio, basi, ingekuwa hivi:

> Ilikuwa lini? (ngazi nne)
> Saa ngapi kwa saa za Kiswahili, sehemu gani ya siku?
> Mlikuwa wapi hasa? (namba ya bloku, mizani, njia, chumba)
> Ulikuwa unafanya nini kabla tu ya hapo?
> Alifanya nini? Alisema maneno gani hasa?
> Wewe ulifanya au ulisema nini?
> Halafu ikawaje?
> Nani alikuwa karibu, hata kama hakuona?
> Ulimwambia nani kwanza, na lini?
> Kuna kitu kilichobaki? (ujumbe, muamala, karatasi ya kilo, nguo, jeraha)
> Yapi uliyaona au kuyasikia mwenyewe, na yapi uliambiwa?

Swali la nne, la kabla ya tukio, linaonekana halina maana. Lina maana kubwa. Mtu akirudi kwenye kile alichokuwa anakifanya, kama kufunga kapu, kungoja foleni au kunawa mikono, mandhari inarudi, na mandhari inarudi na vitu vyake. Swali la nane nalo usiliandike "Taja mashahidi". Huku kwetu shahidi ni mtu aliyeona kwa macho na yuko tayari kusimama, kwa hiyo anayejaza ataandika "hakuna". Ukiuliza nani alikuwa karibu, atakutajia watu watatu kwenye foleni ya mizani. Mmoja wao anaweza akawa hakuona kitu ila alimwona dada akitoka analia, na hilo linatosha kuandikwa.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, lakini kila kipande chake nimewahi kukiona mahali. Kwenye fomu ya zamani mchumaji ameandika: "Karani wa mizani ananisumbua kila siku na nikimkataa ananikata kilo." Mumpe fomu mpya siku ya Jumatatu, 24 Machi 2025. Kwenye karatasi ya tukio la mwisho anaandika Alhamisi iliyopita, mizani ya jioni, karani alimwambia akimpima: "Leo nakukata tano za maji, ukitaka zirudi unajua nyumba yangu." Nyuma yake kwenye foleni walikuwa wachumaji wawili, anawataja. Kwenye tukio la kwanza anakwama: hajui tarehe. Anafika ngazi ya tatu na kuandika: "Ilikuwa Jumatano ya Majivu, nilikuwa nimetoka kanisani alfajiri, akaniambia majivu hayajanifuta dhambi, akanishika kiuno." Fungua kalenda: Jumatano ya Majivu mwaka huo ni tarehe 5 Machi. Hakuijua tarehe, lakini alikuwa nayo. Kwenye swali la kitu kilichobaki anaandika kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya ile mizani ya Alhamisi, karani alimtumia shilingi 10,000 kwa simu, naye akamrudishia asubuhi. Muamala una saa, tarehe, jina na namba ya kumbukumbu.

Sasa kamati ina pa kwenda. Inachukua karatasi za kilo za Machi na kutazama siku mbili: tarehe 5 na tarehe 20. Inatazama pia siku za katikati na kilo za wenzake waliochuma bloku hiyo hiyo. Mvua ikiwa imenyesha, majani ya wote yatakuwa na maji na wote watakuwa wamekatwa. Kama tarehe 20 wenzake walikatwa kilo moja na yeye tano, hilo ni jambo la kumuuliza karani akiwa na karatasi yake mwenyewe mkononi. Na kama wote walikatwa tano, basi maneno aliyoyasema bado yanahitaji jibu, ila madai ya kukatwa kilo kwa kisasi hayasimami kwa siku hiyo, na kamati lazima iandike hivyo. Fomu nzuri inampa mtuhumiwa naye kitu cha kujibu. Mtu aliyeambiwa "unasumbua wanawake" hana namna ya kujitetea hata kama hana kosa.

Tarehe zina sababu nyingine ya kisheria. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. Kwa tukio la tarehe 5 Machi, siku 60 zinaishia tarehe 4 Mei. Kamati inayokaa miezi mitatu ikitafuta tarehe inaweza kumfungia dada mlango bila kujua. Weka hesabu hiyo kwenye kona ya ndani ya jalada, ijazwe na wewe, si na yeye.

Wengi wa wachumaji wako hawataandika wenyewe, au wataandika kwa shida. Anayewaandikia awe mtu ambaye dada amemchagua, asiwe mke wa nyapara wala jirani wa karani. Aandike kwa "mimi", kwa maneno ya msemaji, asiyanyooshe. Akisema "aliniparamia", iandikwe aliniparamia, si "alinishambulia kingono". Maswali yake yasizidi "halafu ikawaje?" na "na nani?" Akimaliza amsomee yote polepole, sahihisho likatwe kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, ndipo aweke dole gumba na mwandishi aandike jina lake chini.

Kuna vitu viwili vya kuondoa kwenye fomu yenu hata kabla ya kuchapisha mpya. Cha kwanza ni maswali kama "Kwa nini hukuripoti mapema?" na "Ulikuwa umevaa nini?" Hayatoi taarifa yoyote kuhusu aliyotenda karani, na dada akiyasoma anaelewa kwamba kesi ni yake. Cha pili ni tamko la mwisho: "Nikibainika nimesema uongo nitachukuliwa hatua za kinidhamu." Mtu asiye na hakika ya tarehe akilisoma hilo, anafuta nusu ya alichoandika. Badilisha liwe: "Nimeandika ninavyokumbuka. Pale nisipokuwa na hakika nimesema sina hakika. Nikikumbuka zaidi nitaongeza."

Na juu kabisa, kabla ya ukurasa wa kwanza, pawe na mistari miwili mikubwa: kama umebakwa, umepigwa, au uko hatarini usiku huu, usijaze fomu, njoo tukupeleke hospitali na polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, sasa hivi. Hapo kinachotangulia ni matibabu na PF3, na kila saa inayopita kwenye karatasi yako inafuta ushahidi wa mwilini. Usimhoji tena mtu huyo kwa kina. Atahojiwa na wanaojua.

Fomu zilizojazwa zifungiwe kwenye kabati lenye ufunguo ulio kwa mtu mmoja, na orodha ya waliozisoma. Zina majina, miili na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe pia. Mkiacha moja mezani kwa nyapara, hamtapokea ya pili.

Kabla ya kuipeleka shambani ijaribu hivi. Waombe wafanyakazi watano, wawili kati yao wasiozoea kuandika, waijaze kwa jambo la kawaida lisilo na aibu: ugomvi kwenye foleni ya maji, kapu lililopotea. Kisha mpe mtu wa ofisi ya uhasibu ambaye hafahamu lolote kuhusu jambo hilo, umwambie akuonyeshe ni daftari lipi angefungua, ukurasa wa siku gani, na angeanza kuongea na nani. Pale atakapokwama, swali lako ndilo halikueleweka. Libadilishe hilo moja, kisha ujaribu tena na watu wengine watano.